Nilimjibu wakala "ndiyo" mara tatu, sasa sijui ipi ilikuwa ya kweli

Asalamu alaikum Bi Mshauri,

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 29, kwetu ni Wete. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Nungwi, huu mwaka wa nne. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti, tunakaa Mkokotoni. Binti yetu wa miaka minne yuko Wete kwa mama yangu, nami huenda kumwona kila nikikusanya siku za ofu.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na wakala wa ajira wa Dar es Salaam. Nilikuwa kaunta, wageni wawili wanasubiri funguo, meneja kasimama nyuma yangu. Nikaibana simu shingoni nikawa najibu kwa sauti ya chini. Akaniambia kuna nafasi ya msimamizi wa mapokezi zamu ya usiku, hoteli ya mjini Dar, mshahara wa msingi 780,000. Mimi sasa napata 480,000, ila gari la hoteli linatupitia na chakula tunakula kazini. Akauliza mbio mbio: uko tayari kuhamia Dar? Ndiyo. Kazi ya usiku? Ndiyo. Kusafiri Arusha kwenye hoteli yao nyengine ikihitajika? Ndiyo. Simu haikufika dakika nne.

Usiku wake sikulala. Mume wangu nilimwambia juzi. Hakukasirika, alinyamaza tu, na kunyamaza kwake nakujua. Mama aliposikia Arusha aliniuliza, "Mahram wako huko ni nani?" Usaili ni Alhamisi ijayo, kwa simu ya video. Nikimpigia wakala nimwambie sina uhakika, naogopa jina langu litakatwa. Nikinyamaza, naona nimewadanganya watu. Nishauri mama yangu.

Wa Mapokezi, Kaskazini Unguja

---

Waalaikumu salaam mwanangu,

Huyo meneja aliyesimama nyuma yako namwona mpaka hapa nilipo. Mtu gani angesema "subiri kidogo, nina masharti" huku bosi wake anasikia pumzi zake? Kwa hiyo neno la kudanganya liondoe kwanza. Ulijibu ulivyoweza pale uliposimama. Kama umedanganya au hukudanganya, hilo litajulikana kwa utakachofanya kati ya leo na Alhamisi.

Ngoja nikwambie ile simu ilikuwa ya nini, kwa sababu nahisi umeipa uzito mahali pasipo pake. Wakala anayepiga simu hivyo ana orodha mbele yake, na kila jina lina visanduku vya kuweka alama: kuhama, usiku, safari. Siku hiyo anachuja tu. Hakuajiri, wala hana mamlaka ya kukuajiri. Mwajiri ni hoteli, naye analipwa na hoteli. "Ndiyo" yako kwake ilikuwa na maana moja, kwamba jina libaki kwenye orodha. Si mkataba, na hakuna wa kukushitaki kwayo.

Lakini usiidharau pia. Ile karatasi yake inakwenda hotelini, na pale wanaokufanyia usaili watakuta imeandikwa kwamba mambo matatu yote umekubali. Hawatakuuliza tena. Wataanzia hapo: unaweza kuanza lini, tukupangie chumba au utajitafutia, mwezi ujao Arusha wana upungufu wa watu. Ukitaka kurekebisha siku hiyo, mbele ya watu wawili watatu kwenye kioo cha simu, utaonekana unageuka. Ukirekebisha kabla, kwa wakala, unaonekana mtu anayetaka mambo yaeleweke. Maneno ni yale yale, siku tu ndiyo tofauti.

Unaogopa jina litakatwa. Linaweza kukatwa kweli, sitakuficha. Kama hoteli inataka mtu wa kutumwa popote saa yoyote, mwenye masharti ataachwa. Ila jiweke pia kwenye kiti cha wakala. Hasara yake kubwa ni yule anayekubali kila kitu, anapita usaili, anapewa barua ya ajira, halafu wiki ya kuripoti anasema mume hataki. Hapo hoteli inaanza upya na yeye anaaibika kwa mteja wake. Mtu anayemwambia mapema "hili naweza, hili naweza kwa kiasi hiki, hili nataka kujua zaidi" anampa kitu cha kufanyia kazi.

Sasa zile "ndiyo" tatu tuzitenganishe, maana nadhani moja ni ya kweli kabisa, moja ni ya kweli kama mambo fulani yatakaa sawa, na moja hata wewe huijui. Sisemi ipi ni ipi, lakini tuzitazame.

Kazi ya usiku miaka minne ya mapokezi imekufunza. Unajua zamu ya kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ilivyo: kufunga hesabu za siku, kulinganisha risiti za kadi na fedha za droo, kuisogeza tarehe kwenye mfumo, mgeni wa ndege ya usiku anafika na chumba chake hakijaonekana. Unajua pia kwa nini wanauliza kwa mkazo. Mchana akikosekana mmoja, wenzake wanaziba. Usiku mara nyingi uko peke yako, ukikosekana hakuna kaunta. Kwa hiyo swali lako kwao lisiwe "usiku upo?" bali "usiku ni mfululizo au kwa mzunguko?" Msimamizi wa usiku wa kudumu na msimamizi anayeingia usiku wiki mbili katika nne ni kazi mbili tofauti kwa mwili na kwa ndoa.

Halafu kuna pesa ya usiku, na hapa watu wengi hujidanganya. Kwanza, jua kwamba ukivuka maji unabadilisha sheria. Hapa Zanzibar unalindwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Ukifanya kazi Dar unaingia kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Bara. Sheria hiyo ya Bara inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Asilimia 5 inapendeza masikioni. Tuipige hesabu kwa mshahara wako. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una kama saa 195. Shilingi 780,000 ukizigawa kwa 195 unapata 4,000 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 200. Saa nane ni 1,600. Ukifanya kazi siku 22 za usiku kwa mwezi, nyongeza yote ni 35,200.

Sasa saa kumi na mbili asubuhi unatoka, na jioni unarudi wakati wa giza. Hapo Nungwi gari linakupitia. Dar nani atakupitia? Tuseme bodaboda ya kwenda kazini usiku ni 3,000 na asubuhi unapanda daladala. Siku 22 ni 66,000, yaani nyongeza ya usiku imekwisha na mshahara umeguswa. Kwa hiyo swali la usafiri wa zamu si swali dogo la kuona haya kuliuliza. Waulize wana gari la wafanyakazi au hawana, na kama lipo, linafika mitaa gani. Jibu hilo ndilo litakalokwambia ukapange wapi.

Nije kwenye kuhama, na hapa nina jambo linaloniuma mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu alichukuliwa na kampuni moja ya Bara, sitaitaja, akiwa hapa hapa Unguja. Walimpigia simu kama walivyokupigia wewe, akasema ndiyo, akapanda boti na begi lake na godoro la kukunja. Mkataba akausainia Dar, ofisini kwao, kwa haraka, siku ya kwanza. Palikuwa na mstari umeandikwa "mahali alipoajiriwa", na aliyejaza karatasi akaandika Dar es Salaam, kwa kuwa walikuwa wamekaa Dar es Salaam. Kijana hakuuona. Baada ya mwaka na miezi kidogo kazi ikapunguzwa, mkataba wake ukakatishwa. Akaomba nauli ya kurudi na vitu vyake. Wakamwonesha mstari ule: wewe tumekuajiri hapa hapa. Godoro aliliuza kwa jirani ili apate nauli ya boti.

Sheria ile ya Bara inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na miongoni mwake ni mahali alipoajiriwa, mahali pa kazi, saa za kazi na mshahara. Mahali alipoajiriwa si pambo. Mkataba ukivunjika mbali na mahali hapo, mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na vitu vyako kurudi, au akulipie usafiri, au akupe posho ya usafiri pamoja na pesa ya kujikimu ya siku unazosubiri kuondoka. Na kuajiriwa, kwa maana ya kifungu hicho, ni pale ulipotafutwa na mwajiri au wakala wake. Wewe ulitafutwa ukiwa kaunta Nungwi. Basi mstari ule usome Unguja, na uutazame mara mbili kabla ya kutia saini.

Kuna kasoro nyengine mbili humo. Posho ya kurudi, sheria imeiwekea kiwango cha chini kuwa nauli ya basi hadi kituo cha basi kilicho karibu na mahali ulipoajiriwa. Nauli ya basi! Waliotunga walikuwa wanawaza Dodoma na Mbeya. Sisi wa visiwani basi halitufikishi. Kwa hiyo omba iandikwe "nauli ya boti" waziwazi. Na ya pili, kwenu ni Wete, lakini ulitafutwa Unguja. Ukitaka siku ya mwisho ufikishwe Pemba na mizigo yako, hilo ni la kukubaliana nao, halitakuja lenyewe.

Tukiwa hapo hapo kwenye kuhama, mshahara umepanda kwa 300,000, lakini wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Chumba cha 150,000 kwa miezi sita ni 900,000, na hiyo ni tofauti ya miezi mitatu imekwenda kabla hujanunua jiko. Chakula cha kazini ulichokizoea, sijui kama kipo huko. Uliza kama wanatoa pesa ya kuhamia au malazi ya mwezi wa kwanza. Si ombaomba hiyo. Wao ndio waliokutoa ulipokuwa.

Na binti. Barua yako imemtaja mara moja tu, lakini nimeona umeandika "kila nikikusanya siku za ofu". Kutoka Nungwi unakusanya siku mbili tatu, unavuka, unamwona, unarudi. Kutoka Dar ni boti ya kama saa mbili hadi Unguja, na boti ya Pemba haiondoki kila saa kama daladala. Mara nyingi utalala Unguja, kisha uvuke hadi Mkoani au Wete. Msimu wa kusi bahari ikichafuka unaweza kukwama kabisa. Kwa ofu ya siku moja kwa wiki hufiki Wete ukarudi. Sheria ya Bara inatoa mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, lakini inaruhusu mfanyakazi na mwajiri wakubaliane kwa maandishi yawe saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Siku mbili na nusu. Wafanyakazi wengi hawalijui hilo, na mwajiri hatalileta mwenyewe. Kwa hoteli si gharama kubwa, ni kupanga ratiba tu. Kwako linaweza kuwa ndilo sharti linalobeba mengine yote, kwamba unakubali kuhama iwapo saa zako 60 zimo kwenye mkataba.

Lakini je, lazima binti abaki Wete? Umeandika kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Huenda limeamuliwa, na kazi ya usiku na mtoto mdogo si mchezo. Huenda pia hamjawahi kukaa watatu mkalizungumza.

Arusha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, si kwa umbali wake bali kwa lile neno "ikihitajika". Ikihitajika na nani, mara ngapi? Siku nne kwa mwezi ni safari. Miezi mitatu ya msimu wa watalii ni kuhama mara ya pili. Katika mkataba utalitambua kwa mstari wa mahali pa kazi: ukikuta pameandikwa mji na hoteli, umejua unaposimama, ukikuta "popote mwajiri atakapoona inafaa", basi "ndiyo" yako imenyooshwa mpaka isikojua mwisho. Waulize pia kama pesa ya safari wanatanguliza au unatumia yako ukarudishiwe. Kurudishiwa kuna tabia ya kusubiri mwezi mwengine.

Na usijiambie kwamba utakwenda kwanza, mengine utayasema ukishaizoea kazi. Bara, kinga ya kutoachishwa kazi isivyo haki kwa jumla haimhusu mtu aliye chini ya miezi sita kazini. Ukianza kukataa usiku au Arusha mwezi wa tatu, huku kwenye karatasi ya wakala ulikubali, utakuwa huna pa kushika, na kaunta ya Nungwi imeshapata mtu.

La mahram sitalijibu mimi. Mama ameuliza swali la haki kwa imani yake na yako. Lipeleke kwa shekhe unayemwamini, wewe na mumeo pamoja, na mkimweleza mwelezeni safari ilivyo hasa: siku ngapi, usafiri gani, unalala wapi na nani. Ukiwa hujui siku ni ngapi, hata shekhe utampa swali nusu.

Mumeo je? Unasema kunyamaza kwake unakujua. Labda. Lakini wewe ulimletea "wananitaka Dar, usiku, na Arusha", na hakuna mwanamme wa Mkokotoni wala wa pengine atakayekuwa na jibu la maana kwa hilo. Mashine za boti ziko Dar pia, na mafundi wake wanahitajika. Huenda ananyamaza kwa kukataa, huenda anapiga hesabu. Mpelekee karatasi yenye 35,200 na 66,000 na saa 60, kisha umsikilize.

Ukishazungumza naye, mwandikie wakala. Kwa maandishi, si kwa simu ya kaunta. Ukitaka, anzia na haya uyageuze yawe yako:

"Asalamu alaikum. Nashukuru kwa simu ya wiki iliyopita. Nilikuwa kazini sikuweza kueleza vizuri. Nia ya kazi ninayo. Kuhamia Dar es Salaam niko tayari, nikihitaji mwezi mmoja wa kutoa taarifa na kuhama. Zamu za usiku nimezizoea. Naomba kujua kama ni za kudumu au za mzunguko, na kama kuna gari la wafanyakazi. Kuhusu Arusha, naomba kujua ni siku ngapi kwa mwezi na nani anagharimia, kabla sijathibitisha. Tafadhali wajulisheni hoteli hivi kabla ya usaili wa Alhamisi."

Umeona kwamba hakuna "hapana" hata moja, na "ndiyo" iliyo wazi ni moja tu? Kama hata hiyo ya kuhama moyo wako unasita baada ya kuongea na mumeo, iondoe, weka swali. Saa 60 na nauli ya boti ziache mpaka wakikutaka kweli. Hizo ni za mezani, wakati barua ya ajira ipo mbele yako na bado hujatia saini. Akikupigia badala ya kuandika, sikiliza, kisha mtumie ujumbe mfupi wa mliyokubaliana, uwe na kumbukumbu.

Asipojibu kabisa mpaka Jumatano, nenda kwenye usaili vile vile, na wakikuuliza una swali gani, uliza la Arusha kwanza. Na ukijibiwa, niandikie ni siku ngapi.